“dps”, “pb”, “J3”: kufungua vifupi katika ujumbe wa kazi Masisi na Walikale

Katika zoni za afya za Masisi na Walikale, habari ya kwanza ya jambo lolote siku hizi hupita kwenye WhatsApp. Reko wa kijiji humwandikia titulere wa kituo cha afya, titulere huandika kwenye kikundi cha zoni, na mtu wa takwimu katika ofisi kuu ya zoni hukusanya yote, akayapanga kwa juma na kuyapeleka Goma. Kirotshe, Mweso, Katoyi, Pinga, Kibua, Itebero: mtindo ni ule ule. Fomu rasmi hufuata baadaye, barabara ikikubali.

Kazi ya huyo mtu wa takwimu ndiyo ninayotaka kuichambua, kwa kuwa ni yeye anayeletewa ujumbe kama huu, ambao nimeutunga mwenyewe kwa kuunganisha vifupi vinavyoandikwa kila siku. Tuseme umetumwa Jumanne asubuhi:

```
bjr dr 2mefika nyab jana, wa2 2 dcd dps J3,
pb 112 mm kwa mtt 1, pb ya plumpy,
xaxa 2nangoja moto ya dps. mrc
```

Aliyeandika si mzembe. Amesafiri, amehesabu waliokufa, amepima mkono wa mtoto kwa utepe na kusoma namba yake. Hata hivyo, ujumbe wake ukifika Goma ulivyo, msomaji wa huko atautilia shaka, na shaka hiyo ina sababu.

Watu wengi hudhani kinachokera ni ufupi wenyewe. Sidhani. Wanaotumia redio ya upepo wameandika RAS miaka na miaka, yaani hakuna la kuripoti, na hakuna aliyewaita wazembe. RAS ina maana moja, huandikwa namna moja, na kila aliye kwenye redio anaijua. Vifupi vya simu havina nidhamu hiyo. Mtu yule yule ataandika “watu” mstari wa kwanza, “wa2” wa tatu na “wtu” wa tano, na msomaji hujiuliza kama hata hesabu imefanywa kwa mkono huo huo usiotulia. Kisha tazama “wa2 2”. Tarakimu ya kwanza ni silabi, ya pili ni watu waliokufa. Mwandishi akishaitumia tarakimu kama herufi, kila tarakimu iliyo jirani inaanza kutiliwa shaka: je, ni watu wawili, au kidole kimeibonyeza mara mbili?

Kuna pia suala la nani anasoma. Reko na titulere wanafahamiana, na kifupi kinawatosha kwa kuwa kila mmoja anajua mwenzake alikuwa wapi jana. Taarifa ikipanda ngazi, watu hao wawili hawamo tena. Anayeisoma Goma au Kinshasa pengine amekulia kwenye Kilingala, Kifaransa chake ni cha ofisini, na Nyabiondo hajawahi kufika.

Tabia hii tuliirithi kwenye SMS. Ujumbe mmoja wa SMS hubeba herufi 160, na kukiwa na herufi iliyo nje ya jedwali la msingi la mtandao, kama “ê” ya Kifaransa, nafasi hupungua hadi 70. Enzi hizo kufupisha kulikuwa kuokoa mayuniti. Kwenye WhatsApp, maneno mia moja ni mepesi kuliko picha moja ya fomu, kwa hiyo sababu imekwisha na mazoea yamebaki. Simlaumu anayeandika juu ya pikipiki, mvua inanyesha na mtandao unakuja na kwenda kilima kwa kilima. Afupishe. Kufungua vifupi ni kazi ya ofisini, penye meza.

Ugumu ni kwamba vifupi vyetu vimetoka kwenye lugha mbili, na baadhi vinagongana na vifupi rasmi vya kazi. “dps” ya Kifaransa cha simu ni *depuis*, yaani tangu. DPS ni Divisheni ya Afya ya Jimbo. “pb” ni *problème*. PB ni mzingo wa mkono wa mtoto, kipimo cha utapiamlo. “mm” ni “mimi”, ni *même*, na ni milimita. Sasa chukua mtu mwenye haraka anayeamuru kompyuta igeuze kila “pb” kuwa “tatizo” na kila “mm” kuwa “mimi”. Mtoto wetu atasomeka “tatizo 112 mimi”. Na 112 si namba ya kupoteza: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono ulio chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na anapaswa kuanza matibabu bila kungoja.

Ndiyo maana kazi huanza kwa kuorodhesha, na kubadilisha huja baadaye. Toa mazungumzo ya juma kwenye simu yakiwa faili ya maandishi, bila picha. Ondoa majina na namba za simu za waliotuma, ubaki na tarehe na jina la kituo; katika maeneo haya faili yenye majina ikipotea inaweza kumdhuru mtu. Ihifadhi kwa jina `asili.txt` na usiiguse tena. Kisha hesabu kila neno limetokea mara ngapi:

```
grep -oE '[[:alnum:]]+' asili.txt | sort | uniq -c | sort -nr
```

Orodha hiyo ndiyo kamusi yako, na imetoka kwa watu wako wenyewe. Vifupi vya Nairobi au Dar vilivyokusanywa na wengine havitakufaa sana. Pitia kwa jicho na uweke kila kifupi upande mmoja kati ya miwili. Upande wa kwanza ni vile visivyo na maana ya pili: “bjr”, “mrc”, “xaxa”, “wa2”, “mtt”, “dcd”. Upande wa pili ni vya kuuliza: “dps”, “pb”, “mm”, “J3”, na “m2”, ambayo ni mtu lakini kwa anayegawa mahema ni mita ya mraba. Majina ya mahali yote yaende huko pia. “nyab” inaweza kuwa Nyabiondo ya Masisi au Nyabibwe ya Kalehe, na “kib” inaweza kuwa Kibua ya Walikale au Kibabi ya Masisi. Ukikosea neno, sentensi itachekesha. Ukikosea mahali, dawa zitakwenda kijiji kingine.

Vya upande wa kwanza viachie kompyuta, ila kwa neno zima. Hapa ndipo wajuzi hujikwaa. Wakiona “2mefika”, “2nangoja”, “2taleta”, wanatunga kanuni moja nzuri ya kugeuza “2” ya mwanzo wa kitenzi kuwa “tu”:

```
sed -E 's/\b2(na|ta|me|li|ko)/tu\1/g' asili.txt
```

Inafanya kazi mpaka itakapokutana na titulere asiyeacha nafasi baada ya namba. Vitanda viwili alivyoviandika “2lits” vinakuwa “tulits”, mikeka “2nattes” inakuwa “tunattes”, vidonge “2tablettes” vinakuwa “tutablettes”. Namba imemezwa na hakuna onyo lolote lililotokea. Afadhali mistari mingi ya kuchosha, kila mmoja ukishika neno moja lililoonekana kwenye orodha, na vya upande wa pili ukiviwekea alama tu:

```
sed -E 's/\bwa2\b/watu/g
s/\bxaxa\b/sasa/g
s/\b2mefika\b/tumefika/g
s/\b2nangoja\b/tunangoja/g
s/\b(dps|pb|mm|J3|m2|nyab|kib)\b/[[\1]]/gi' asili.txt > mpya.txt
```

Asiyetumia amri hizi anaweza kufanya hivyo hivyo ndani ya Word ya Kifaransa kwa `Ctrl+H`, mradi atie alama kwenye `Mot entier`. Usitegemee sana `Respecter la casse`. Herufi kubwa na ndogo zingetenganisha DPS na “dps” kama watu wangeziheshimu, lakini simu hukuza herufi ya kwanza yenyewe, na mwenye haraka huandika hata jina la ofisi kwa herufi ndogo, kama alivyofanya mwenzetu.

Kabla ya kwenda mbele, pima. Namba zinazosimama peke yake zilizokuwa kwenye asili lazima ziwe zile zile, kwa mpangilio ule ule, kwenye faili mpya:

```
diff <(grep -owE '[0-9]+' asili.txt) <(grep -owE '[0-9]+' mpya.txt)
```

Kompyuta ikinyamaza, hakuna hesabu iliyosimama peke yake iliyopotea. Ikitoa mstari wowote, umeharibu kitu, na mstari utakuonyesha ni namba gani. Jihadhari: namba iliyoshikamana na neno, kama “2lits”, kipimo hiki hakiioni, kwa hiyo “2” za namna hiyo zitazamwe kwa macho kwenye orodha.

Yaliyobaki ni yale yaliyofungwa kwa mabano, na haya yanaamuliwa na majirani zake. “dps” ikifuatwa na neno la wakati ni tangu. Ikitanguliwa na “ya” au “kwa” ni ofisi. “pb” ikifuatwa na namba ya tarakimu tatu ni kipimo cha mkono. Ikifuatwa na “ya” ni tatizo. “mm” baada ya namba ni milimita. Kwa kanuni hizo ujumbe wetu unasomeka hivi: “Bonjour Daktari. Tumefika [[nyab]] jana. Watu 2 wamefariki tangu [[J3]]. Mtoto 1 ana mzingo wa mkono wa milimita 112. Kuna tatizo la plampi. Sasa tunangoja pikipiki ya DPS. Merci.”

Angalia “tatizo la plampi”. Kishawishi cha kuandika “plampi imeisha” ni kikubwa, kwa kuwa mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini aliyetuma hakusema hivyo. Huenda imeloa, huenda imeibwa. Kufungua kifupi kunaishia kwenye neno alilolikusudia mwandishi. Linalozidi hapo ni taarifa mpya, na taarifa mpya hutoka kwake.

“J3” haifunguki kwa kanuni yoyote. Kwa aliyezoea kalenda ya pwani ni Jumatatu. Kwa wengi wa Kongo wanaohesabu siku za kazi kuanzia siku ya kwanza, siku ya tatu ni Jumatano. Kwa muuguzi aliyezoea ratiba za chanjo, J3 ni siku ya tatu tangu jambo lilipoanza. Ujumbe umetumwa Jumanne, na juma la taarifa za magonjwa huanza Jumatatu. Ikiwa ni Jumatatu, vifo vyote viwili ni vya juma hili. Ikiwa ni Jumatano, vinaweza kuwa vya juma lililopita, ambalo taarifa yake pengine imeshakwenda Goma.

Hapo anapigiwa simu aliyeandika, au anajibiwa kwenye ujumbe wake ule ule kwa swali lisilokubali ndiyo wala hapana: “Mzee, watu hao wawili walikufa tarehe ngapi na ngapi?” Jibu likija, tarehe huandikwa kwa mkono baada ya kipimo cha namba, maana yenyewe huongeza tarakimu. Lisipokuja kabla ya saa ya kutuma, vifo vinaandikwa kwa maelezo chini ya jedwali, “tarehe haijathibitishwa”, pamoja na neno J3 kama lilivyotumwa, na haviingizwi kwenye safu ya juma lolote.