Kinachoulisha Woga
Tuseme mwalimu wa miaka 34 hapandi tena daladala. Anayejifunza tiba ya kisaikolojia hukimbilia kuuliza habari za ajali iliyouchochea woga, au za mama mwenye hofu aliyemlea na kumwachia mwelekeo huo. Yote hayo yamekwishapita. Swali lenye faida zaidi ni hili: mbona miezi minane baadaye woga bado upo? Kila anaposhuka njiani moyo hutulia, naye huamini kushuka ndiko kulikomwokoa. Hapati kuona kwamba woga ungepungua wenyewe. Tiba huanzia hapo. Dada yake, aliye tayari kupanda naye kituo kimoja kimoja, ni kinga ambayo ni rahisi kusahau kuiandika. Mazoezi yasipomsaidia, maelezo haya yaandikwe upya pamoja naye.