Nani Aende Kitanda Namba 4?

Karatasi anayopewa mwanafunzi wa kozi ya uongozi wa uuguzi haizidi nusu ukurasa. Ni saa 2:15 usiku, wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya. Wewe ni mkuu wa zamu. Unao watu wawili: muuguzi wa cheti aliyeajiriwa juzijuzi, na mhudumu wa afya, Mama Zawadi, aliyeanza kazi wodini hapo kabla wewe hujaingia darasa la kwanza.

Kitanda namba 2 kuna mama aliyefanyiwa upasuaji asubuhi. Analia kwa maumivu, na dada yake amesimama mlangoni akidai sindano. Namba 4 amejifungua salama saa 12 jioni. Presha yake ni 110 kwa 70, mapigo ya moyo 118 kwa dakika, ametulia na ameomba maji mara mbili. Namba 7 ana dalili kali za kifafa cha mimba na yuko kwenye sindano za magneziamu salfeti kila baada ya saa nne. Inayofuata ni saa 2:30. Namba 9 mama hana neno, ila mtoto wake mchanga ana joto la nyuzi 36.1 na hajanyonya tangu alasiri.

Chini kuna maswali matatu. Unaanza na nani? Nani anafanya nini? Utamwambia kwa maneno gani? Muda ni dakika tano.

Wengi huandika namba 2 kwanza, kwa sababu kilio kinasikika na ndugu mwenye hasira anaogopwa. Wengine huandika namba 7, kwa sababu yeye peke yake ana saa iliyoandikwa. Namba 4 mara nyingi hushuka hadi mstari wa mwisho: presha nzuri, mgonjwa mtulivu.

Hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, hasa akiwa kijana mwenye afya, anaweza kupoteza damu nyingi kabla presha haijashuka. Mishipa hubana, moyo huongeza kasi, na kipimo cha presha kinaendelea kuonyesha namba ya kuridhisha. Kinachomfichua ni mapigo. Gawanya 118 kwa 110, unapata zaidi ya 1, wakati kwa mzazi aliye salama jibu huwa chini ya 0.9. Kiu nayo ni dalili. Tena karatasi haisemi lolote kuhusu pedi yake, na ukimya huo umewekwa makusudi. Mwanafunzi aliyekomaa huuliza, “Pedi ikoje? Kanga aliyoilalia ikoje?” Damu huteleza chini ya mgongo, na anayetazama akiwa mlangoni haioni.

Kwa hiyo mkuu wa zamu anakwenda namba 4 mwenyewe. Anafunua shuka, anapapasa tumbo, anakuta mji wa mimba umelegea kama mkate uliolowa maji. Anausugua hadi ukaze, huku akiagiza daktari aitwe, dripu iwekwe, oksitosini na asidi ya traneksamiki ziletwe. Dawa hiyo ya pili hutakiwa kutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na kwa mama huyu muda huo unakwisha saa 3 usiku.

Sasa mikono yake miwili imefungwa kitanda kimoja na wengine watatu wanasubiri. Mwalimu akikusanya karatasi, ahesabu neno moja tu: “mimi”. Mimi nitasugua tumbo, mimi nitachoma sindano, mimi nitapima mkojo, mimi nitamtuliza ndugu. Mwanafunzi mwenye “mimi” kila mstari huenda anajua tiba vizuri sana, lakini zamu yake itamshinda.

Mabaraza ya uuguzi ya Marekani yalifupisha ukasimu wa kazi katika mambo matano: kazi sahihi, mazingira sahihi, mtu sahihi, maelekezo sahihi na usimamizi sahihi. Wanafunzi hukariri orodha hiyo kwa jioni moja. Kuitumia kwa namba 7 ndiko kugumu. Kabla ya kila sindano ya magneziamu mambo matatu hukaguliwa: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liitikie likigongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa nne zilizopita. Kusoma kiasi cha mkojo kwenye jagi ni kazi ya Mama Zawadi bila wasiwasi. Kuhesabu pumzi na kugonga goti ni kazi ya muuguzi wa cheti, mradi umeshamwona akifanya. Kuamua kama sindano ichomwe hakumwendei mhudumu kwa hali yoyote.

Yanabaki maneno, nayo katika wodi zetu yana uzito wa pekee. Muuguzi wa miaka 24 anatakiwa kumpa kazi mama wa rika la mzazi wake. Wapo wanaoona haya, wakaamua kuifanya wenyewe. Wapo wanaoficha haya hiyo kwa ukali, na kuanzia hapo hawaletewi habari yoyote. Na wapo wanaosema kwa adabu lakini bila kueleweka: “Mama, naomba umwangalie yule wa namba 7.” Amwangalie nini? Mama Zawadi atakwenda, atamkuta amelala, atarudi na kusema hajambo.

Heshima na maelekezo kamili vinakaa pamoja bila kugombana: “Shikamoo Mama Zawadi. Naomba upime mkojo wa namba 7 kwenye jagi kabla hujaumwaga. Niletee namba hapa hapa kitanda namba 4. Ikiwa chini ya 120, niambie papo hapo hata kama naongea na daktari. Hebu nirudie tuone kama nimeeleweka.” Sentensi ya mwisho inabeba lawama yeye mwenyewe msemaji, ndiyo maana haimdhalilishi mkubwa. Maneno haya yasemwe kwa sauti darasani. Yakiandikwa tu hayajajaribiwa.

Dakika tano zikiisha, mwalimu anaweka kadi ya pili mezani: Mama Zawadi amerudi, mkojo ni mililita 80. Sindano inasimamishwa, muuguzi wa cheti anakwenda kuhesabu pumzi na kugonga goti, kalsiamu glukoneti inawekwa karibu, daktari anaongezewa taarifa. Aliyeuliza namba hiyo mapema ameipata kabla dawa haijaingia mwilini. Mama wa namba 9 amwekwe mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, afunikwe, na anyonyeshwe kwa msaada, kisha joto lipimwe tena. Namba 2 naye asiachwe alie gizani; aambiwe nani anakuja na dawa, na lini.

Walimu waangalie mtego mmoja. Kila zoezi likimficha mgonjwa mahututi nyuma ya ukimya, wanafunzi watajifunza kubahatisha mtulivu. Wiki inayofuata geuza: namba 4 mapigo 80, naye anayelia namba 2 tumbo limevimba, gumu, mapigo 126. Safari hii kilio ndicho chenye habari, kwa kuwa huenda anavujia damu ndani.

Zoezi hili halitibu uhaba. Pale ambapo muuguzi mmoja analala na wodi nzima peke yake, hakuna wa kumkasimu isipokuwa ndugu wa mgonjwa, na ndugu anaweza kuombwa kuita tu: “Ukiona pedi imelowa, au akilegea, niite.” Hawezi kuachiwa kupima.

Kwa wanaofundisha kozi hizi nina ombi moja: siku ya zoezi, mwalikeni mhudumu wa afya halisi, mwenye miaka mingi kazini, akae kwenye kiti cha Mama Zawadi. Baada ya kila agizo mwulizeni ameelewa atende nini, na kama angelitenda.