Shoti Isiyoua Transista

Mafundi wengi wa redio wamewahi kulishika mkononi lile kopo la chuma lenye matundu mawili ya skrubu, lililoandikwa 2N3055. Ni transista iliyotoka katika kampuni ya RCA ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi leo ndiyo inayobeba mzigo katika pawasaplai nyingi za kawaida, zile zenye transfoma nzito na bamba la kupoozea mgongoni. Karatasi yake ya maelezo inaitaja kuwa ya wati 115. Hata hivyo, waya mbili za kutokea zikigusana kwa dakika chache, transista hiyo hiyo inaweza kufa huku ikiwa imebeba wati zisizofika 80.

Tuchukue pawasaplai moja na kuifuata hadi mwisho. Inatakiwa kutoa volti 13.8 na ampea 3, inavyofaa redio ya mawasiliano ya nguvu ndogo. Upande wa nyuma kuna transfoma, daraja la dayodi na kapasita kubwa, vinavyotoa umeme mbichi wa takriban volti 26 bila mzigo. Mzigo ukiongezeka, volti hizo hushuka, tuseme volti 1.2 kwa kila ampea, hivyo katika ampea 3 hubaki volti 22.4. Kati ya umeme huo mbichi na mzigo imekaa 2N3055, na kazi yake ni kuimeza tofauti ya volti na kuigeuza kuwa joto.

Siku za kawaida joto hilo linavumilika: transista inabakiwa na kama volti 7, na kwa ampea 3 hizo ni wati 21. Mambo hubadilika pale mzigo unapopata shoti. Sasa upande wa kutokea una volti sifuri, kwa hiyo karibu volti zote za umeme mbichi zinaiangukia transista. Kinga ya kawaida, ile inayozuia mkondo usizidi kiwango kimoja tu, tuseme ampea 3.7, hulinda fyuzi na transfoma. Transista haiilindi sana, kwa sababu mkondo umebaki ule ule wakati volti juu yake zimeongezeka mara tatu. Volti 21 mara ampea 3.7 ni wati 78.

Je, si zimebaki chini ya wati 115? Hapa ndipo wengi huponzwa. Wati 115 ni kwa transista ambayo kopo lake limeshikiliwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, jambo ambalo bamba la kawaida haliwezi. Kutoka kwenye silikoni hadi kwenye kopo, joto hupanda nyuzi 1.5 hivi kwa kila wati. Karatasi ya maika na grisi yake huongeza kama nusu nyuzi. Bamba la wastani huongeza nyingine 1.5. Jumla ni nyuzi 3.5 kwa kila wati. Ndani ya kasha lenye nyuzi 40, wati 78 zingeipeleka silikoni kwenye nyuzi 313, ilhali mwisho wake ni 200.

Dawa iliyozoeleka ni kuufanya mkondo urudi nyuma kadiri volti za kutokea zinavyoporomoka. Mzigo ukiwa mzima, pawasaplai hutoa ampea 3 na ziada kidogo. Ukipata shoti, haitoi zaidi ya ampea 1 na kitu. Kwenye grafu, mstari wa mkondo huonekana kama umekunjwa kuelekea sifuri, na ndiyo maana mafundi huiita kinga ya kukunja. Gharama yake ni rizista mbili ndogo tu juu ya kinga ya kawaida.

Kinga ya kawaida ina rizista ya kupimia mkondo, iliyopo kati ya emita ya transista kubwa na tundu la kutokea. Pembeni kuna transista ndogo ya ulinzi, besi yake upande mmja wa rizista na emita yake upande wa pili. Rizista ikiangusha kama volti 0.65, transista ndogo hufunguka na kuipokonya ile kubwa mkondo wa besi. Katika kinga ya kukunja, besi ya transista ndogo haiungwi moja kwa moja. Inapitia kigawa volti cha rizista mbili: R1 kutoka emita ya transista kubwa, kisha R2 kwenda ardhini, na besi inachukua kwenye makutano yao.

Kigawa hicho hukata sehemu ya volti kabla hazijafika kwenye besi. Volti za kutokea zikiwa 13.8, hukata kipande kikubwa, hivyo rizista ya kupimia inapaswa kuangusha volti nyingi zaidi ya 0.65 ili transista ya ulinzi iamke. Kwenye shoti hakuna cha kukata ila kidogo sana, na kinga huamka mapema, mkondo ukiwa bado mdogo. Kwa maandishi ya hesabu, R ikiwa ni rizista ya kupimia:

```
I_shoti = 0.65 x (1 + R1/R2) / R
I_juu   = I_shoti + V x (R1/R2) / R
```

Kosa la kawaida ni kuanza na ampea zinazotamaniwa. Heri kuanza na joto. Tukitaka silikoni isipite nyuzi 150 wakati wa shoti ndani ya kasha lenye nyuzi 40, tuna nyuzi 110 za kutumia. Tukizigawa kwa 3.5, tunapata wati 31. Kwenye shoti umeme mbichi hupanda hadi karibu volti 24.5, kwa sababu mzigo wa transfoma umepungua. Toa kidogo kinachobaki kwenye rizista, kisha gawa: mkondo wa shoti usizidi ampea 1.3. Kikomo cha juu tunakiweka ampea 3.7, si 3 kamili, na sababu yake itaonekana.

Tofauti kati ya ampea 3.7 na 1.3 ni 2.4, yaani mara 1.85 ya mkondo wa shoti. Zidisha 1.85 kwa 0.65, gawa kwa 13.8, unapata 0.087. Hiyo ndiyo sehemu ambayo R1 inapaswa kuwa nayo katika jumla ya kigawa, kama moja ya kumi na moja na nusu. Rizista za dukani za omu 100 na kilo-omu 1 zinatoa moja ya kumi na moja. Inatosha. Rizista ya kupimia ni 0.65 mara 1.1, gawa kwa 1.3, ambayo ni omu 0.55, dukani ipo ya 0.56.

Tukirudisha namba halisi kwenye fomula, shoti inatoa ampea 1.28 na kikomo cha juu ni ampea 3.74. Transista sasa inabeba wati 30 kwenye shoti badala ya 78, na silikoni inasimama karibu na nyuzi 146.

Rizista ya omu 0.56 nayo ina joto lake. Kwa ampea 3 inakula wati 5, na kwenye kikomo karibu 8, kwa hiyo ya wati 10 ndiyo inayofaa, iinuliwe kidogo juu ya ubao. R2 hula kama wati 0.2, basi ya nusu wati haitachoka. Wapo wanaoweka kigawa cha makumi ya kilo-omu ili kuokoa mkondo. Hapo besi ya transista ya ulinzi inaanza kukivuta kigawa chenyewe na hesabu yote inapotea.

Wanaotumia aisii ya zamani ya 723, ambayo Fairchild iliitoa katika miaka ya 1960, transista ya ulinzi wanayo tayari ndani. Katika umbo la miguu 14, makutano ya kigawa huenda mguu wa 2 na tundu la kutokea huenda mguu wa 3. Mguu wa kupima volti nao uchukue baada ya rizista ya kupimia, la sivyo volti zitashuka kila mzigo unapoongezeka.

Sababu ya ile ziada ya 3.7 ni joto tena. Volti 0.65 si namba ya kudumu. Hupungua kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja. Transista ya ulinzi ikipashwa nyuzi 50, inaamka kwenye 0.55, na kikomo cha juu kinashuka hadi kama ampea 3.5. Bado redio inapata ampea zake 3. Angeweka kikomo 3.1, fundi angeletewa pawasaplai inayofanya kazi asubuhi na kukataa mchana.

Kuna jambo ambalo michoro mingi hailisemi: shoti kamili siyo hali mbaya zaidi. Volti za kutokea zikiwa zimeanguka nusu nusu, mkondo haujakunjika wote na transista bado ina volti nyingi. Katika pawasaplai yetu kilele kipo volti za kutokea zikiwa kati ya 5 na 6: ampea 2.3 hivi, na wati 37 kwenye transista. Silikoni inafika nyuzi 171. Ipo chini ya 200, lakini nafasi imebana, na umeme wa ukutani ukipanda asilimia 10 nafasi hiyo inakaribia kwisha. Bamba kubwa zaidi au feni ndogo si anasa hapo.

Kwa hiyo jaribio la shoti peke yake halitoshi. Rizista nne za omu 10, za wati 5 kila moja, zikiunganishwa sambamba hutoa omu 2.5, na mzigo huo unaipeleka pawasaplai karibu kabisa na kilele. Voltimita isome kama 5.8 na ampea zisome kama 2.3. Iachwe nusu saa huku joto la kopo likipimwa. Likivuka nyuzi 120, silikoni ndani imeshapita zaidi ya nyuzi 50 juu yake.

Mbona mtu asikunje zaidi, hadi nusu ampea? Hesabu ile ile inadai rizista ya kupimia ya karibu omu 1.9. Kwa ampea 3 ingeangusha volti 5.6 na kula wati 17, na umeme mbichi ungepaswa kuongezwa volti 4 ili tu kuilisha rizista.

Kukunja sana kuna adhabu nyingine, nayo ndiyo huwachanganya mafundi. Baadhi ya mizigo, kama mota au saketi zenye vigeuza volti ndani yake, huvuta mkondo mkubwa hata volti zikiwa ndogo. Mzigo unaotaka ampea 2 kwenye volti 2 hautapata zaidi ya 1.6 kutoka kwa pawasaplai yetu, na volti zitakwama pale pale. Dalili yake haifichiki: ukiwasha na mzigo ukiwa umeunganishwa, mita inabaki kwenye volti moja au mbili, ukiuchomoa, volti zinaruka hadi 13.8, ukiurudisha wakati huo, wakati mwingine unafanya kazi vizuri kabisa. Rizista hazijaungua na transista ni nzima. Kilichobaki ni kupunguza R1, kwa mfano hadi omu 68, na kuishusha rizista ya kupimia hadi 0.39. Mkondo wa shoti utapanda hadi karibu ampea 1.8, na wati za transista wakati wa shoti zitapita 40, hivyo bamba la nyuzi 1.5 libadilishwe kabla mabadiliko hayo hayajafanywa.