Nembo Kifuani, Mistari Mabegani

Tarehe 8 Agosti 1992, mjini Barcelona, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani iliifunga Kroatia pointi 117 kwa 85, kisha ikapanda jukwaani kuvishwa dhahabu ya Olimpiki. Michael Jordan alikuwa amejitanda bendera ya nchi yake begani. Kwa aliyetazama kwa mbali ulikuwa uzalendo, lakini bendera ile ilifunika pia nembo ya Reebok iliyokuwa kwenye koti la sherehe. Jordan alikuwa na mkataba na Nike, na hakutaka kupigwa picha akiitangaza kampuni pinzani.

Leo bendera haihitajiki. Nembo hufutwa kwenye kompyuta baada ya picha kupigwa, na kazi hiyo hufanywa kila siku na wapiga picha wa matangazo.

Tuseme kampuni ya maji ya kunywa ya Dar es Salaam inataka picha ya bango. Kijana anakimbia ufukweni Coco Beach asubuhi, chupa mkononi. Fulana yake ina nembo ya Adidas kifuani na mistari mitatu kuanzia shingoni hadi mikononi. Picha ni nzuri, ila haiwezi kupanda barabarani ilivyo.

Alama ya biashara humwonyesha mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Nchini Tanzania hulindwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na husajiliwa BRELA. Mpita njia hatadhani kwamba Adidas wanauza maji, lakini anaweza kudhani kwamba wameshirikiana na kampuni ya maji au wameidhinisha tangazo. Hapo ndipo malalamiko huanzia. Na kama kijana huyo ni mwanariadha anayedhaminiwa na kampuni nyingine ya viatu na nguo, bango hilo linaweza kumgombanisha na mdhamini wake.

Mhariri wa picha huanza kwa kufungua tabaka jipya tupu juu ya picha, ili asiguse picha ya asili. Katika Photoshop huchagua Clone Stamp Tool, akaiwekea Sample: Current & Below, kisha huchota kipande cha kitambaa kilicho karibu na nembo na kukipachika juu yake. Kipande hicho lazima kiwe na mwanga uleule, na nyuzi zake zielekee upande uleule. Healing Brush ni rahisi zaidi katikati ya kitambaa, kwa sababu hulinganisha rangi na mwanga yenyewe. Lakini ikikaribia mshono au ukingo wa shingo huvuta weusi wa jirani na kuacha doa.

Nembo iliyodariziwa ina tatizo lake. Uzi huvuta kitambaa, kikajikunja kidogo kuizunguka. Mhariri akifuta rangi na kuiacha mikunjo hiyo, umbo la nembo hubaki kama kovu. Kazi mbovu hutambulika pia kwa mkunjo uleule unaojirudia mara mbili, au sehemu laini isiyo na chembechembe zilizotapakaa kwingine kote.

Nembo ya kifuani imeondoka. Mistari mitatu je? Nayo ni alama ya biashara ya Adidas, hata pasipo jina. Wakala wanaouza picha kwa matumizi ya matangazo huzikataa picha zenye alama za namna hiyo, kwa hiyo mistari yote hupakwa rangi ya fulana, mkunjo kwa mkunjo. Ni kazi ya saa kadhaa ambayo fulana moja isiyo na maandishi, ikiwa ndani ya begi la mpiga picha, ingeiepusha.

Picha ya habari haifutwi hivyo. SportPesa walipoanza kuzidhamini Simba na Yanga mwaka 2017, walilipia jina lao lionekane kwenye jezi. Gazeti likilifuta kwenye picha ya mechi, linamnyima mdhamini alicholipia, na linamwonyesha msomaji jambo ambalo halikutokea uwanjani.

Kufuta alama kwenye bidhaa yenyewe ni jambo zito zaidi. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la Mitsubishi dhidi ya kampuni ya Duma. Mashine za kunyanyulia mizigo zilibanduliwa alama za Mitsubishi zikiwa kwenye ghala la forodha, zikawekwa alama nyingine, kisha zikaingizwa sokoni. Mahakama ilisema mwenye alama ana haki ya kulipinga hilo.

Turudi ufukweni. Kabla faili halijapelekwa kuchapwa, mhariri hulikuza na kulipitia kona hadi kona: kofia ya mtu aliyeketi nyuma, ulimi wa kiatu, kioo cha miwani ya mkimbiaji. Nembo inayoonekana kama nukta kwenye simu husomeka vizuri kwenye bango la mita kadhaa.