"Ndiyo" ya Shahidi

Wakili anamhoji mlinzi wa duka kwa Kiingereza, na mkalimani amesimama katikati yao. Swali linamfikia shahidi hivi: "Usiku ule hukumwona mshtakiwa akiingia dukani, sivyo?" Mlinzi anajibu, "Ndiyo." Mkalimani anatafsiri "yes" na kunyamaza. Wakili anadaka hapohapo: "Alikuwa amevaa nini?" Mlinzi anashangaa. "Lakini nimesema sikumwona." Wakili anamgeukia hakimu: "Mheshimiwa, shahidi anajipinga."

Mfano huu nimeutunga, lakini kosa lililomo ni la kweli, na mtu yeyote aliyewahi kukalimani mbele ya mahakama, polisi au ofisa wa uhamiaji analifahamu. Shahidi hakujipinga. Mkalimani naye, ukimuuliza, atakwambia kwamba ametafsiri neno kwa neno: ndiyo ni "yes", kamusi zote zinasema hivyo. Tatizo ni kwamba kamusi zinasema kweli pale tu swali linapokuwa halina kikanushi. Ulimwona? Ndiyo, nilimwona. Hapo lugha zote mbili zinakwenda sambamba. Swali likishakuwa kanushi, zinaachana njia.

Wanaisimu wameligawa jambo hili katika mifumo miwili. Katika mfumo wa kwanza, jibu linapima kauli ya muulizaji: je, aliyoyasema ni sawa au si sawa? Ukiniuliza "Hukumwona?", umeweka mezani wazo kwamba sikumwona. Kama ni hivyo, nasema ndiyo, yaani umesema sawa. Kama nilimwona, nasema hapana, umekosea. Kiswahili cha kawaida kinakwenda hivi, na Kijapani na Kichina vivyo hivyo. Katika mfumo wa pili, jibu halijali muulizaji amedhani nini. Linaangalia kitenzi kitakachofuata katika jibu lenyewe: kama kimekanushwa, anza na "no", kama hakikukanushwa, anza na "yes". Kiingereza kiko huku. Mwingereza ambaye hakumwona mshtakiwa atajibu "no", uwe umemuuliza kama alimwona au kama hakumwona.

Umbo la neno letu linaeleza sababu. Ndiyo ni ndi- pamoja na -yo, jamaa wa ndiye na ndicho. Ni neno la kuthibitisha kitu kilichokwisha kutajwa, kwamba ndicho hasa. Hivyo ndiyo inashika kauli nzima iliyotamkwa, pamoja na kikanushi chake kama kimo. Haina kazi ya kuangalia kitenzi kikoje.

Waingereza wenyewe hawakuwa hivi siku zote. Zamani walikuwa na maneno manne ya kujibu: jozi moja kwa maswali ya kawaida, jozi nyingine kwa maswali kanushi. Thomas More alimshambulia William Tyndale kwa jambo hilohilo katika kitabu alichoanza kukichapisha mwaka 1532. Tyndale, katika tafsiri yake ya Agano Jipya, alikuwa ametumia "no" kujibu swali ambalo, kwa kanuni ya wakati ule, lilitaka "nay". More, aliyemwona Tyndale kuwa mzushi, alifurahi kumkuta hajui Kiingereza chake. Baadaye jozi ya maswali ya kawaida ikafifia, ikabaki hii tunayoijua, ikibeba mzigo wa zote mbili. Ndiyo maana hata Mwingereza akisikia "yes" tupu baada ya swali kanushi husita, kisha huuliza tena. Mwanaisimu Anders Holmberg, katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu majibu ya namna hii, ameonyesha kwamba jibu hilo tupu lina utata kwa wenye lugha wenyewe. Mahakamani, bahati mbaya, wakili akishapata jibu linalomfaa hana haja ya kusita.

Kiarabu kimeliweka jambo wazi zaidi, na waliokaa chuoni Unguja, Lamu au Maskati watakuwa wamelisikia likifundishwa. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 172, wanadamu wanaulizwa kwa swali kanushi kama Mwenyezi Mungu si Mola wao, nao wanajibu kwa neno bala. Wanasarufi wanapokea kauli inayonasibishwa na Ibn Abbas, kwamba lau wangejibu naam wangekuwa wamekufuru. Naam ingeithibitisha kauli pamoja na kikanushi chake, kama ndiyo yetu. Bala inakivunja kikanushi na kuacha uthibitisho. Kifaransa kina neno lake la kazi hiyo, si, na Wajerumani wana la kwao. Kiswahili hakina, kwa hiyo mwenye kukivunja kikanushi hulazimika kusema hapana, kisha aongeze kitenzi: "Hapana, nilimwona." Kipande hicho cha pili ndicho kinachobeba maana, na ndicho shahidi mwenye hofu, aliyeambiwa ajibu kwa kifupi, anachokimeza.

Mkalimani angeweza basi kujiwekea kanuni: baada ya swali kanushi, geuza. Ndiyo iwe "no", hapana iwe "yes". Simshauri mtu afanye hivyo. Kwanza, wapo wasemaji wengi wa leo, hasa waliosoma kwa Kiingereza, wanaojibu Kiswahili kwa mfumo wa Kiingereza. Mwulize kijana wa Nairobi, "Hukwenda kazini jana?" Huenda akasema, "Hapana, sikwenda," na aliye jirani yake aseme, "Ee, sikwenda," na wote wawili walikuwa nyumbani. Pili, si kila swali lenye alama ya ukanushi ni swali kanushi. Linganisha "Hukumwona?" na "Si ulimwona?" Katika la pili kitenzi kimebaki chanya, si iliyotangulia inamkumbusha tu msikilizaji jambo ambalo muulizaji analiamini. Ndiyo ya hapo ni ya kumwona. Kanuni ya kugeuza ingeiharibu.

Dawa iko ndani ya Kiswahili chenyewe, na tunaitumia kila asubuhi. Hujambo ni swali kanushi, huna jambo? Wala hatujibu kwa ndiyo wala kwa hapana. Tunarudisha umbo lilelile: sijambo. Anayerudisha kitenzi hawezi kueleweka vibaya kwa lugha yoyote. Mkalimani mzoefu, akipata "ndiyo" tupu, huomba ruhusa ya hakimu amwombe shahidi ajibu kwa sentensi kamili. Akishaambiwa "sikumwona", hatafsiri ndiyo hata kidogo; anatoa sentensi. Asiulize kwa kukisia, "Yaani hukumwona?", maana hapo amezaa swali kanushi jipya na atapewa ndiyo nyingine. "Ulimwona au hukumwona?" linatosha.

Yapo mazingira ambamo kosa likishapita halionekani tena. Katika mahakama za chini za Kenya shahidi anaweza kusema Kiswahili huku kumbukumbu ikiandikwa kwa Kiingereza. Tanzania nayo ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo kwa miaka mingi, kabla ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Tena, sheria za mwenendo wa makosa ya jinai za nchi zote mbili zinataka ushahidi kwa kawaida uandikwe kama masimulizi, si kama swali na jibu. Hakimu anasikia swali na "ndiyo", kisha anaandika sentensi moja kwa nafsi ya kwanza, kama vile shahidi ndiye aliyeitamka. Swali limetoweka. Kama ndiyo ya mlinzi wetu ilieleweka vibaya, kumbukumbu itasema alimwona mshtakiwa akiingia, na mstari wa pili utasema hakumwona. Jaji wa rufaa anayesoma karatasi hizo miezi baadaye anaona shahidi kigeugeu.

Anaweza kushtuka kama anajua cha kutafuta. Mkanganyiko wa kweli huja na maelezo marefu: shahidi anabadilisha saa, mahali, majina. Mkanganyiko wa tafsiri ni mkavu. Ni kitenzi kilekile, mara chanya mara hasi, ndani ya mistari miwili, wakati wa kuhojiwa na upande wa pili, na habari nyingine zote zimesimama pale pale. Sheria hizohizo zinamruhusu hakimu kuandika swali fulani na jibu lake kama yalivyosemwa. Wakili wa upande unaoumia anapaswa kuliomba hilo papo hapo, kwa sababu baadaye hakuna kitu cha kulinganisha.

Vikanushi viwili katika sentensi moja vina shida yao, ingawa si kubwa hivyo. "Hakuna asiyemjua" maana yake wote wanamjua; kwetu vikanushi viwili vya namna hii vinafutana, na Kiingereza sanifu kinakubali. Lakini Kihispania, Kifaransa na Kiingereza cha mitaani huweka vikanushi viwili kwa maana ya kimoja. Msemaji wa Kiingereza hicho cha mitaani akisema kwa vikanushi viwili kwamba hakuona mtu, mfasiri anayefuata hesabu atamfanya aseme aliona mtu, na hiyo ni tafsiri mbaya kuliko kutotafsiri kabisa. Upande wetu mtego ni kabla. Tunasema "Niliondoka kabla hajafika", na kitenzi kimekanushwa ingawa maana haina ukanushi wowote wa ziada. Anayeshikilia kila kiambishi ataandika kwamba shahidi aliondoka wakati huyo mwingine hajafika, jambo ambalo ni karibu, lakini linaacha nje mpangilio wa matukio. Anayeandika kwa Kiingereza laini kwamba aliondoka kabla ya huyo kufika anamfanya msomaji aamini kuwa mtu huyo alifika. Kiswahili hakikusema alifika. Kama kesi inategemea kufika kwake, inabidi shahidi aulizwe.

Swali baya kuliko yote ni lile linalorundika vikanushi kwa makusudi: "Hukatai kwamba hukuwapo dukani?" Hapa ndiyo ya Kiswahili ina maana ya sikatai, kwa hiyo sikuwapo. Hapana ya mfumo wetu ina maana ya nakataa, kwa hiyo nilikuwapo. Hapana ya aliyezoea Kiingereza ina maana ya sikatai, kwa hiyo sikuwapo. Majibu mawili, tafsiri tatu, na shahidi amepewa sekunde mbili za kuamua. Mkalimani akipewa swali la namna hiyo asilitafsiri kwanza na kusubiri bahati. Amwambie hakimu kwamba jibu la neno moja kwa swali hilo halitafsiriki, na aombe wakili alivunje vipande viwili: siku ile ulikuwa wapi, na je, ulifika dukani au hukufika?