Namba 76 Ni Nyuzi Ngapi?

LM35 ni kihisi joto kidogo cheusi chenye miguu mitatu: mmoja wa kuingiza umeme, mmoja wa graundi, na wa kati unaotoa volti. Joto likipanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, volti ya mguu huo wa kati hupanda kwa milivolti 10. Kwenye nyuzi 0 hutoa milivolti 0, kwenye nyuzi 25 hutoa 250, na kwenye nyuzi 37.5, joto linalotakiwa ndani ya mashine ya kutotolesha vifaranga yenye feni, hutoa 375. Hakuna namba inayotoka hapo, ni volti tu. Kazi ya kuigeuza volti hiyo kuwa nyuzi zinazosomeka kwenye skrini inabaki kwa maikrokontrola na mwandishi wa programu yake.

Bodi ya Arduino Uno, ambayo mafundi wengi na wanafunzi huanza nayo, inatumia maikrokontrola iitwayo ATmega328P. Ndani yake mna kigeuzi cha biti 10, yaani kinachoweza kutoa namba 1,024 tofauti, kuanzia 0 hadi 1,023. Kigeuzi hicho hufanya kazi kama muuza duka anayepima sukari kwa mizani ya mawe: huanza na jiwe zito kuliko yote, likizidi analitoa, lisipozidi analiacha, kisha anashika jiwe la nusu yake, na kuendelea hivyo hadi jiwe dogo la mwisho. Mawe ya kigeuzi ni kumi, na jiwe la kwanza ni nusu ya volti ya kulinganishia. Volti hiyo ikiwa 5, milivolti 375 hulinganishwa kwanza na volti 2.5, kisha 1.25, kisha 0.625, na zote ni kubwa mno. Volti 0.3125 inakaa. Mwishoni mawe yaliyobaki ni la 64, la 8 na la 4, na jumla yake ni 76. Upimaji wote huchukua kama maikrosekunde 104.

Namba 76 yenyewe haina kipimo. Inasema tu kwamba volti iliyoingia ni sehemu 76 kati ya 1,024 za volti ya kulinganishia. Kuirudisha kwenye milivolti, huzidishwa kwa volti ya kulinganishia na kugawanywa kwa 1,024:

```
mV = namba * Vref_mV / 1024
```

Kwa volti 5 inatoka 76 × 5000 ÷ 1024, yaani milivolti 371. Kwa kuwa LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi, milivolti moja ni sehemu ya kumi ya nyuzi, hivyo jibu ni nyuzi 37.1. Joto halisi lilikuwa 37.5. Sehemu hiyo iliyopotea haikutokana na kosa la mtu: hatua moja ya kigeuzi ni milivolti 4.88, karibu nusu nyuzi nzima, na kigeuzi hakioni kitu kati ya hatua na hatua. Programu nyingine hugawanya kwa 1,023 badala ya 1,024, na watu hubishana sana juu ya jambo hili. Kwenye nyuzi 37.5 tofauti yake haifiki hata nyuzi 0.04, na muda wa ubishi huo ungetumika vizuri zaidi kuitazama volti ya kulinganishia yenyewe.

Bodi isipoambiwa vinginevyo, volti ya kulinganishia ni umeme uleule unaoiendesha. Programu huandikwa kana kwamba umeme huo ni volti 5 kamili, lakini bodi inayolishwa na waya wa USB kutoka kwenye chaja ya simu inaweza kuwa inapata volti 4.7. Kihisi hakibadiliki kwa sababu hiyo, bado kinatoa milivolti 375. Kigeuzi ndicho kinachopima kwa mawe mepesi kuliko yalivyoandikwa. Namba inayotoka ni 81, na programu inayoamini volti 5 inasoma nyuzi 39.5. Mashine iliyowekewa lengo la 37.5 itazima taa za kupashia mapema na kuridhika, ilhali mayai yako kwenye nyuzi 35 na kidogo. Skrini itaonyesha 37.5 mchana na usiku bila kutikisika. Kosa hili ni baya kuliko namba zinazorukaruka, kwa sababu halionekani, na linabadilika kila chaja inapobadilishwa au feni inapowaka na kuushusha umeme.

Dawa yake imo ndani ya maikrokontrola yenyewe. ATmega328P ina chanzo chake cha ndani cha takriban volti 1.1, ambacho hakifuati kupanda na kushuka kwa umeme wa bodi. Kikichaguliwa kwa amri `analogReference(INTERNAL)`, faida huwa mbili. Kwanza, chaja dhaifu haiharibu tena kipimo. Pili, hatua ya kigeuzi hupungua hadi milivolti 1.07 hivi, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Gharama yake ni kwamba chochote kinachozidi volti 1.1 kitasomeka 1023 tu, lakini volti hiyo ni nyuzi 110 kwa LM35, na hakuna mayai yanayofika huko.

Hata hivyo "takriban" hiyo ina uzito. Mtengenezaji anaahidi tu kwamba chanzo hicho kiko kati ya volti 1.0 na 1.2, na kila kipande kina volti yake. Kwa bahati nzuri volti hiyo hupimika. Baada ya kupakia programu inayotumia chanzo cha ndani na kusoma mara chache, multimita huwekwa kati ya pini iliyoandikwa AREF na graundi. Ikionyesha volti 1.082, namba 1082 ndiyo inayoandikwa kwenye programu ya bodi hiyo, na bodi nyingine hupimwa upya. Kihisi kikiwa kwenye nyuzi 37.5, kigeuzi cha bodi hii hutoa 354. Anayezidisha kwa 1100 atapata nyuzi 38.0, na anayezidisha kwa 1082 atapata 37.4. Wakati chanzo cha ndani kinatumika, pini ya AREF haipaswi kuunganishwa na volti yoyote kutoka nje, kwa kuwa inaweza kuiunguza maikrokontrola.

Baada ya volti kuna mtego wa hesabu. Namba za aina ya `int` kwenye Uno hazivuki 32,767, na 354 × 1082 ni 383,028. Hesabu hiyo hufurika, na baada ya kugawanya kwa 1024 hutoka hasi 9, chumba kikiwa na joto la jasho. Anayejaribu kukwepa kwa kugawanya kwanza hupata sifuri daima, kwa sababu 354 ÷ 1024 katika namba nzima ni 0. Hasi isiyo na maelezo au sifuri isiyobadilika ni ishara za makosa haya mawili, na kihisi hakina hatia. Suluhisho ni aina ya `long`, ambayo hubeba hadi zaidi ya bilioni mbili, kuzidisha kwanza na kugawanya mwishoni.

```
const long VREF_MV = 1082;  // ilipimwa kwenye AREF

void setup() {
  analogReference(INTERNAL);
  Serial.begin(9600);
  for (int i = 0; i < 20; i++) {
    analogRead(A0);         // hizi hutupwa
    delay(5);
  }
}

void loop() {
  long jumla = 0;
  for (int i = 0; i < 16; i++) {
    jumla += analogRead(A0);
    delayMicroseconds(1140);
  }
  long kumi = (jumla * VREF_MV + 8192) / 16384;
  Serial.print(kumi / 10);
  Serial.print('.');
  Serial.println(kumi % 10);
  delay(1000);
}
```

Masomo ya mwanzo hutupwa kwa sababu volti ya kulinganishia huchukua muda kutulia baada ya kubadilishwa. Kisha programu haitegemei somo moja, bali hujumlisha 16. Namba 16384 ni 1024 mara 16, na 8192 ni nusu yake, inayoongezwa ili jibu likadiriwe kwenye namba iliyo karibu badala ya kukatwa mkia. Masomo 16 yakichezacheza kati ya 354 na 355, jumla yake inaweza kuwa 5,678, na hesabu hutoa 375, yaani nyuzi 37.5. Yakigoma yote kwenye 354, inatoka 374. Kwa hiyo mtikisiko mdogo kwenye waya una msaada wake: bila huo, wastani wa namba kumi na sita zinazofanana ni namba ileile.

Mapumziko ya maikrosekunde 1140 nayo yana sababu. Taa za kupashia hutumia umeme wa nyumbani, ambao Afrika Mashariki huzunguka mara 50 kwa sekunde, na waya wa kihisi uliopita kando yake huvuta mvumo wa umeme huo. Ukiongeza muda wa kusoma, kila somo hukaa maikrosekunde 1250 hivi, na masomo 16 hujaza milisekunde 20, ambazo ni mzunguko mmoja kamili. Nusu ya juu na nusu ya chini ya mvumo hufutana kwa kiasi kikubwa. Namba zikiendelea kuruka taa zinapowaka na kutulia zinapozimwa, waya wa kihisi usogezwe mbali na waya za taa. Waya mrefu una tatizo jingine, kwa sababu LM35 huyumba inapobebeshwa uwezo mwingi wa kapasita, na waya wenyewe ni kapasita. Rezista ya omu 75 iliyofuatana na kapasita ya maikrofaradi 1, kutoka mguu wa kati hadi graundi, huituliza.

Namba ghafi zenyewe husema mengi kabla ya kugeuzwa, hivyo ni vizuri kuzichapisha kwanza. Zikitangatanga ovyo na kubadilika mkono unapokaribia, mguu wa kati haujashika. Zikikaa kwenye 1023, volti imevuka ya kulinganishia, mara nyingi kwa sababu graundi ya kihisi imekatika. Kihisi kikichoma vidole, kimepachikwa kinyume na kiondolewe haraka.

Mwisho ni kulinganisha na kipimo kinachoaminika, karibu na joto linalohitajika. Kihisi hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kikatumbukizwa pamoja na kipimajoto cha hospitali kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 au 38 yanayokorogwa, na kusubiriwa hadi vyote vitulie. Tofauti itakayobaki, tuseme nyuzi 0.4, hujumlishwa au kutolewa kwenye `kumi` kama namba 4. Barafu inayoyeyuka hutoa nyuzi 0, lakini iko mbali na eneo la mayai, na hapo chini kabisa LM35 isiyo na umeme hasi hubana. Maji yanayochemka yana udanganyifu wake: Mombasa huchemka karibu na nyuzi 100, ilhali Nairobi, kwa ajili ya mwinuko, huchemka kwenye 95 hivi, na kihisi kinachoonyesha 95 huko hakihitaji kusahihishwa.