Povu la Espreso Husema Nusu ya Kweli

Espreso ikitiririka kikombeni, juu yake hutanda povu la hudhurungi liitwalo krema. Chanzo chake ni moto: buni ikikaangwa, gesi ya kaboni dayoksaidi huzalika na kubaki ndani ya punje. Mashine husukuma maji ya moto kwa mgandamizo wa baa 9 hivi, na gesi huyeyuka humo. Kahawa ikitoka, mgandamizo hushuka ghafla na gesi hufumka viputo, kama soda inapofunguliwa.

Gesi hiyo huvuja siku hadi siku. Ndiyo maana kahawa iliyokaangwa miezi mitatu iliyopita na kuachwa wazi hutoa povu jembamba linalotoweka upesi. Hapo krema husema kweli.

Lakini robusta, kama ile ya Bukoba, hutoa povu zito kuliko arabika, kwa sababu ina mafuta machache, na mafuta huvunja viputo. Hivyo robusta iliyokaa kidogo yaweza kuipita arabika mpya. Tena vipo vichujio vyenye kitundu kimoja tu chembamba, vinavyofumua povu hata kwenye kahawa iliyochakaa.

Basi usihukumu kwa macho. Soma tarehe ya kukaangwa kwenye pakiti, kisha onja.